Ujumbe kwa yaya wa Fungurume

Jambo yaya Ilunga, habari ya kazi?

Ni miye Mwadi, wa Politekniki ya UNILU, metalirji, minamaliza mwaka huu. Namba yako minaipata mu grupu ya wazamani, pale ulimujibiaka ule kijana wa staji, nikasema huyu yaya anajibiaka watu, ngoja nimuandikie.

Haina kazi minaomba, usiogope hehe. Nilisikia uko TFM ku idromet. Memware yangu ilikuwa juu ya kuangusha kobalti na manyezi (MgO), mu labo nilikuwa napata idroksidi ya muzuri mupaka pH 8 hivi, lakini nikipandisha zaidi manganezi nayo inashuka, prodwi inachafuka. Mu labo unarekebisha na mukono, beshe moja, unangojea. Ku izini tanki haikungojei! Sasa nyiye munashikaka ile pH namna gani, munafanyaka mara mbili ao? Na mutu mupya wanamuanzishaka wapi, ku labo ao ku zamu pamoja na ma operateri?

Dakika 15 ya simu inatosha, saa ile hauko zamu, ata siku ya yenga mangaribi, miye ndiye nitapiga. Kama ya pH iko siri ya kampuni wacha, tuongee tu vile wewe mwenyewe uliingiaka, ile ndiyo inanisumbua zaidi.

Sivi sitakutumia kama haujaiomba. Aksanti sana yaya, salimia watu ya nyumba.

Mwadi