Gauni la miaka ya ishirini: kiuno kilihamia wapi?

Mwezi uliopita mteja wangu mmoja alinionyesha picha kwenye simu, anaandaa bethdei ya kufikisha 40 na wageni wote wametakiwa waje kivazi cha miaka ya 1920. Picha yenyewe kigauni kifupi juu ya goti, kimembana mwanamitindo kama soksi, matamvua safu tano kutoka kifuani mpaka chini, na unyoya kichwani. Nikamwambia dada, hili nitakushonea hata kesho kutwa, ila mwanamke wa 1925 akikuona nalo atajua umesahau kuvaa gauni umetoka na nguo ya ndani. Akacheka, akasema basi nionyeshe hilo la kweli lilikuwaje. Ndo nikaanza kumwelezea, na nikiri tu kwamba mimi nikianza haya mambo sijui kunyamaza.

Gauni la kweli la jioni la miaka ile ukiliona kwenye henga unaweza usilipe hata shilingi. Ni gunia. Yaani chukua vipande viwili vya mstatili vya hariri nyepesi, shifoni au jojeti au krepu, unganisha mabega, shona ubavuni, acha matundu ya mikono yawe makubwa, shingo ichonge duara au vii, kwisha habari. Mikono hakuna. Zipu hakuna, maana zipu kwenye magauni zilikuja kuzoeleka miaka ya thelathini, hili unalivaa kwa kichwa linashuka lenyewe, labda vishikizo viwili vitatu vya kubonyeza ubavuni. Halafu ndani yake shimizi, kwa sababu kitambaa kinaonyesha.

Sasa kiuno. Kiuno hakipo pale Mungu alipokiweka, kimeshushwa mpaka kwenye nyonga, wakati mwingine chini ya nyonga kabisa, na hapo ndipo panapofungwa mkanda au utepe au pambo, na sketi inaanzia hapo. Matokeo yake mwili wa juu unakuwa mrefuu umenyooka kama mwanzi, sketi inabaki kipande kifupi cha chini. Kwa sisi tuliozoea kwamba gauni zuri ni lile linaloonyesha kiuno, mtu akipita watu wanageuka, hii kitu inakera mwanzoni. Mimi mwenyewe ilinichukua muda kuipenda.

Ila ukijua wametoka wapi unawaelewa. Mama zao walikuwa wanafungwa koseti, ile ya mifupa na kamba mgongoni, unavutwa mpaka pumzi inakuwa ya kukopa. Kabla ya vita kuu ya kwanza kuna mshonaji wa Paris, Paul Poiret, alishaanza kushona magauni yanayoning'inia kutoka begani badala ya kushikiliwa na kiuno. Vita ikaja, wanawake wakaingia viwandani, wakaendesha magari, huko koseti ya nini. Vita kuisha 1918 wabunifu wa Paris kina Chanel na Patou na Vionnet wakakuta njia imeshafunguliwa. Marekani mwaka 1920 wanawake wakapata kura nchi nzima. Nywele zikakatwa, sigara zikawashwa hadharani, na wasichana wa aina hiyo wakaitwa flapa. Wafaransa walipenda umbo la kivulana, kifua bapa, nyonga hakuna. Kwa hiyo kumbe koseti imevuliwa lakini aliyejaliwa kifua sasa anafungwa kitambaa cha kukibana kilale, na mwenye nyonga anavaa mkanda wa lastiki. Wanawake na fasheni, bwana.

Na kitu kingine watu wanakosea ni urefu. Mwaka 1920 pindo lilikuwa bado chini huko karibu na vifundo vya miguu, likapanda likashuka, likapanda tena, na lilipofika juu kabisa, ile 1926 na 1927, lilikuwa linagusa goti. Linagusa! Goti lilionekana mtu akikaa au akicheza, na hiyo ilitosha watu wazima kushika vichwa.

Basi ukishakuwa na gunia la hariri lisilo na kiuno wala mikono, uzuri utautoa wapi? Kwenye shanga. Hapa ndipo hela ilipokuwa, na hapa nitakaa kidogo.

Shanga zenyewe za kioo, zile ndogo kama mtama na zile ndefu za kibomba, nyingi zilitoka Bohemia, mji wa Jablonec na vijiji vyake, nchi ambayo baada ya vita ikaitwa Chekoslovakia. Na shanga za huko huko Bohemia ndizo zilizokuwa zinapakiwa melini kuja Afrika Mashariki, kwa hiyo binti wa Paris anacheza usiku na shanga gauni zima na bibi wa bara huku ana zake shingoni, na inawezekana kabisa zimetoka tanuru moja. Tofauti ni kwamba bibi zetu wengine za kiunoni walizificha ndani, hawa wenzetu wakazishona nje wakazimwagia taa.

Kuzishona sasa. Usifikirie mtu ameshika sindano anatunga moja moja, wangefika lini. Kuna ufundi uliotokea mji wa Lunéville, mashariki ya Ufaransa. Kitambaa kinakazwa kwenye fremu kama ngoma, upande wa ndani ukiwa juu. Shanga zimeshatungwa kwenye uzi mrefu, zinakaa chini ya kitambaa, na fundi ana kikulabu chembamba, ndugu yake na sindano ya kroshia, anachoma kutoka juu, ananasa uzi, anauvuta, shanga moja inabanwa, anachoma tena. Mshono unatoka mnyororo. Cha ajabu ni kwamba uso wa kazi yake haoni, uko chini, anafanya kwa vidole na kwa kuhesabu, na anakwenda kasi ya kutisha. Ila mnyororo una balaa lake: uzi ukikatika pasipofungwa vizuri, ukivutika kidogo tu zote zinafuatana. Nimeshayaona hayo, miaka ya nyuma nilimpambia bibi harusi mmoja kifua cha gauni kwa mtindo huo huo, mwisho wa uzi sikuufunga, ukumbini katikati ya kukata keki zikaanza kudondoka moja moja halafu zikamwagika kama mchele, watoto wakawa wanaokota. Kuanzia siku hiyo kila mstari nafunga mara mbili.

Paris kazi hii ilifanywa na mikono ya wengi, wakiwemo Warusi waliokimbia mapinduzi. Maria Pavlovna, binamu yake Tsar, mtu aliyekulia kwenye majumba ya kifalme, alifungua karakana ya kudarizi mwaka 1921 inaitwa Kitmir, mteja wake mkubwa Chanel. Mtoto wa kifalme anadarizi ili ale. Mapambo yenyewe yalifuata upepo: Novemba 1922 Mwingereza Howard Carter akafumua kaburi la farao Tutankhamun kule Misri, na mara magauni yakajaa mayungiyungi na mbawakawa na mabawa ya kifarao. Mashali ya nyavu kutoka Asyut, yale yaliyotiwa vipande vya chuma cheupe, yakageuzwa magauni. Ilipofika maonyesho makubwa ya Paris ya 1925 kila kitu kikawa pembetatu na zigizaga na miale ya jua.

Uzito sasa! Gauni lililojaa shanga linafika kilo kadhaa, limebebwa na kitambaa ambacho ukikipuliza kinaruka. Begani ndipo panapobeba yote. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini mkato ulikuwa wa kigunia, maana ukikata kata kitambaa chepesi hivyo na kukibana halafu ukakipa mzigo wa kioo, kitachanika kwenye mishono. Na ndio maana likisimama tu halina maana. Likitembea ule uzito unalivuta chini, linakwenda linarudi, linagonga gonga miguu, linatoa sauti kama mvua ya mbali juu ya bati. Bila mwendo hujaliona.

Na mwendo ulikuwepo. Charleston, ngoma ya watu weusi wa kusini mwa Marekani, ilipanda jukwaani New York mwaka 1923 ikasambaa kama moto wa kiangazi, magoti ndani magoti nje, mikono inarushwa. Josephine Baker akaipeleka Paris 1925 wakachanganyikiwa. Sasa hebu jaribu kucheza hiyo na koseti na sketi ya kukokota.

Ndipo tunafika kwenye matamvua, na hapa mteja wangu aliinua nyusi. Matamvua yalikuwepo, ndio, lakini si safu kwa safu gauni zima. Mara nyingi yanaanzia kwenye nyonga kwenda chini, au yananing'inia kwenye pindo tu, ya hariri au ya shanga zilizotungwa, kazi yake ni kuendelea kucheza wakati mwenyewe ameshasimama. Vionnet yeye aliona ukishona utepe mzima wa matamvua unakibana kitambaa kisivutike, hasa yeye aliyekuwa anakata mshazari, akawa anapachika matamvua kipande kimoja kimoja. Hiyo ni akili ya fundi anayejua kitambaa. Lile gauni la matamvua juu mpaka chini ni la majukwaa na filamu za baadaye, miaka ya hamsini na kuendelea, watu wa kostyumu walitaka kitu kinachotikisika mbele ya kamera, nasi tukaamini. Sasa hivi linauzwa mtandaoni la poliesta, mfuko mmoja na unyoya wake.

Wasio na hela hawakukaa nyuma. Mkato ulikuwa rahisi mno, mtu mwenye cherehani nyumbani analimaliza mchana mmoja, na hariri ya bandia ilikuwa imeshaingia sokoni kwa bei ya mnyonge. Maduka makubwa ya Marekani yaliuza hata vipande vilivyokwisha tiwa shanga kutoka Ufaransa, wewe unashona ubavu tu. Nadhani ni mara ya kwanza karani wa ofisi na mke wa tajiri wanavaa umbo moja, ingawa ukisogea karibu shanga zinasema nani ni nani.

Mwaka 1929 Patou akashusha mapindo na kukirudisha kiuno mahali pake, Oktoba soko la hisa la New York likaanguka, na miaka ya thelathini magauni yakawa marefu ya kuteleza mwilini. Yaliyobaki ya ule wakati makumbusho hawayatundiki, wanayalaza kwenye droo na karatasi laini, kwa sababu ukitundika tu zile shanga zinaendelea kuvuta mpaka hariri inachanika begani yenyewe. Na usithubutu kufua, vile vibapa vya kumetameta vingine vilitengenezwa kwa jelatini, vikiguswa na maji vinayeyuka.

Mteja tulikubaliana: shifoni nyeusi, bitana yake, shanga za kibomba mistari ya zigizaga kifuani, matamvua kuanzia nyonga kwenda chini, pindo kwenye goti. Siku ya kupima alisimama mbele ya kioo kimya, akajigusa ubavuni akitafuta kiuno. Nikamwambia usisimame, tembea. Akaenda mpaka mlangoni akarudi, akaenda tena. Akauliza naweza kuondoka nalo leo?

Nikamwambia bado sijafunga nyuzi.