Mabadiliko ya muundo wa mtihani: Mofolojia ya Kiswahili, 10 Februari 2026

Ndugu wanafunzi wa mwaka wa pili, habari za masomo.

Mtihani wenu wa mwisho wa muhula uko palepale: Jumanne, 10 Februari 2026, saa 3:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana. Uzito wake nao ni uleule, alama 60. Kilichobadilika ni karatasi yenyewe.

Mliozoea kupokea madesa kutoka kwa waliowatangulia mnajua ilivyokuwa: maswali matano ya insha, unachagua matatu. Mwaka jana nilisahihisha fasili ya mofimu iliyoandikwa na watu wengi neno kwa neno, hadi kosa la tahajia likawa moja. Sasa Sehemu A, alama 36, ni ya lazima na ni ya data tupu: mtapewa maneno na sentensi mzichanganue. Sehemu B ina insha mbili, unajibu moja kwa alama 24.

Kuchanganua si kukatakata tu. Chukua neno hawakupikiwa. Ukiandika ha-wa-ku-pik-i-w-a ukaishia hapo, umepata nusu ya alama. Nusu nyingine iko kwenye maelezo: ha- ni ya ukanushi, wa- ni nafsi ya tatu wingi, -ku- ni wakati uliopita katika ukanushi, -pik- ni mzizi, -i- ni kauli ya kutendea, -w- ni kutendwa, -a ni kiishio. Wengi huiita hiyo -ku- kiambishi cha mtendwa kwa sababu wameizoea katika nimekuona. Tazameni kwanza imekaa na nani.

Pia jiandaeni kueleza sababu. Kwa nini pika huzaa pikia lakini soma huzaa somea? Hilo ni la irabu za mzizi, tumelifanya wiki ya sita. Na toa ikizaa tolea, ile l imetoka wapi? Atakayejibu "imechopekwa ili kurahisisha matamshi" hatapata kitu. Leteni majibu yenu semina ya Jumamosi hii, 31 Januari, saa 4:00 asubuhi, chumba kilekile. Tutafanya karatasi ya majaribio kwa saa moja na nusu, kisha mtasahihishana.

Hadi hapo, chukueni aya moja ya gazeti kila siku, mchanganue vitenzi vyake vyote. Fanyeni wawili wawili, mbishane. Madesa ya zamani yatawafaa kwa Sehemu B tu.

Wanaorudia kozi nao watafanya karatasi hii mpya. Nimeshaulizwa mara tatu. Mwenye mahitaji maalumu, kama maandishi makubwa au muda wa ziada, aniandikie kabla ya Jumanne, 3 Februari, nipate kuyawasilisha ofisi ya mitihani mapema.

Maswali mengine niulizeni kwa kujibu baruapepe hii. Ofisini nipo Jumatatu na Alhamisi mchana.

Wenu,
Mratibu wa Kozi, Mofolojia ya Kiswahili