Matokeo ya Ombi Na. 0417 na Ushauri wa Kuliwasilisha Upya

Kwa Mtafiti Mkuu, Ombi Na. 0417

YAH: OMBI LA RUZUKU KUHUSU UJUMBE WA SIMU KWA WAGONJWA WA SHINIKIZO LA DAMU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nasikitika kukuarifu kwamba jopo halikupendekeza ombi lako lifadhiliwe katika duru hii. Najua kazi iliyomo ndani ya andiko hili, na nisingependa uliweke kabatini. Ndiyo maana ninakuandikia kwa kirefu.

Wapitiaji watatu walitoa alama kati ya 10 kwa kila kigezo. Umuhimu wa swali ulipata 8, 9 na 8. Mbinu za utafiti 7, 4 na 4. Uwezo wa timu 8, 8 na 7. Bajeti na ratiba 6, 6 na 5. Umuhimu una uzito wa asilimia 30, mbinu 40, timu 20 na bajeti 10, hivyo wastani wako ni 6.6. Ombi la mwisho kufadhiliwa lilikuwa na 7.2. Kama mbinu zingepata wastani wa 7 badala ya 5, ungefika 7.4 bila kubadilisha kitu kingine. Kazi yako kubwa iko hapo. Utangulizi wako hauhitaji kuguswa.

Jopo lilitumia muda mrefu zaidi kwenye ukubwa wa sampuli. Umepanga wagonjwa 240 katika kliniki 12, na kliniki ndizo zitakazogawanywa kwa bahati nasibu, lakini hesabu yako imewachukulia wagonjwa kana kwamba kila mmoja alichaguliwa peke yake. Wagonjwa wa kliniki moja wanahudumiwa na wauguzi walewale na wanapata dawa, au wanazikosa, kwa pamoja, kwa hiyo matokeo yao hufanana. Sampuli inapaswa kugawanywa kwa 1 + (m − 1)ρ, ambapo m ni idadi ya wagonjwa kwa kila kliniki na ρ ni kiwango cha mfanano huo. Ukichukua ρ ya 0.05 tu, wagonjwa 20 kwa kliniki wanakupa 1.95, na wale 240 wanabaki na nguvu ya wagonjwa 123 hivi. Ukiwatawanya haohao katika kliniki 24, kumi kumi, unapata nguvu ya 165. Ongeza kliniki kabla ya kufikiria kuongeza wagonjwa. Tafuta mtakwimu sasa, naye awe mshiriki mwenye majukumu na muda uliolipiwa. Kumtaja kwenye shukrani hakutoshi.

La pili ni kipimo. Ukimuuliza mgonjwa, mbele ya muuguzi anayemtibu, kama amemeza dawa, wengi watajibu ndiyo. Na waliopokea ujumbe kila asubuhi watakuwa na sababu zaidi ya kujibu hivyo, kwa hiyo kosa litaegemea upande unaotaka kuuthibitisha. Fanya presha iliyopimwa kwa mashine kuwa tokeo kuu, ipimwe na mtu asiyejua kliniki iko kundi gani. Majibu ya wagonjwa na hesabu ya vidonge vibaki kuwa vya ziada.

Mpitiaji mmoja aliuliza swali ambalo binafsi naliona zito: simu ni ya nani? Ujumbe usemao “Kumbuka dawa yako ya presha” ukiingia kwenye simu ya familia, ugonjwa wa mtu umetangazwa nyumbani. Eleza utakavyowauliza wagonjwa juu ya hilo kabla ya kuwaandikisha, na uandike ujumbe usiotaja ugonjwa.

Kuhusu bajeti, usiipunguze kwa kudhani ilituogopesha. Tatizo ni kwamba mratibu wa asilimia 20 ya muda hawezi kufuatilia hata kliniki 12. Omba kinachohitajika na ukieleze.

Lipo pia jambo ambalo jopo halikukubaliana nalo. Mpitiaji wa tatu aliandika kwamba ridhaa ya wagonjwa haikuelezwa. Imeelezwa, ukurasa wa 9, na nilihakikisha hoja hiyo haihesabiwi. Hata hivyo, isogeze mbele ili msomaji mwingine asiikose.

Unaruhusiwa kuwasilisha upya mara moja. Duru ijayo itafunguliwa tarehe 3 Februari na kufungwa tarehe 14 Machi. Ambatanisha majibu kwa wapitiaji, yasiyozidi kurasa mbili: nukuu kila hoja, sema umebadilisha nini na ukurasa gani. Usipokubaliana na hoja, sema hivyo kwa sababu na ushahidi. Jopo halitakukata alama kwa hilo. Usijibu ukitegemea ile alama ya 7 ya mpitiaji wa kwanza, maana huenda wapitiaji wa duru ijayo wakawa wengine, na kupita kwenye mstari wa mwaka huu si ahadi ya mwaka ujao.

Maoni kamili ya wapitiaji yameambatanishwa. Ukipenda tuzungumze kuhusu mpango wa sampuli kabla hujaandika upya, mjulishe katibu wa jopo naye atatupangia muda.

Wako mwaminifu,

Mwenyekiti wa Jopo la Ruzuku