Ongeza Kifaa: Plagi Janja

Chomeka plagi

Chomeka plagi kwenye soketi iliyo karibu na ruta, kisha washa swichi ya soketi. Ukishaiunganisha, unaweza kuihamishia chumba kingine chochote ambako Wi-Fi inafika, wala hutarudia hatua hizi. Kwa sasa usichomeke pasi, friji wala kifaa kingine juu yake.

Tazama taa ndogo iliyo pembeni ya kitufe. Ikiwaka na kuzima haraka haraka kwa rangi ya bluu, plagi iko tayari.

[Inawaka na kuzima] [Imetulia] [Haiwaki kabisa]

*Ukichagua "Imetulia":* Plagi bado inakumbuka mtandao iliyounganishwa nao zamani. Bonyeza kitufe na ukishikilie kwa sekunde 5, uachie mara taa ya bluu inapoanza kuwaka na kuzima. Usikishikilie zaidi ya hapo, maana ukifika sekunde 10 utafuta kila kitu kilichomo.

*Ukichagua "Haiwaki kabisa":* Hakikisha umeme upo na swichi ya soketi imewashwa. Jaribu soketi nyingine. Kama hapo pia taa haiwaki, usiifungue plagi, irudishe ulikoinunua.

Ruhusu simu itafute plagi

Washa Bluetooth. Simu ya Android 12 au mpya zaidi itaomba ruhusa ya vifaa vilivyo karibu. Simu ya Android ya zamani zaidi itaomba ruhusa ya mahali ulipo, kwa sababu kwenye matoleo hayo simu hairuhusiwi kutafuta vifaa vya Bluetooth bila ruhusa hiyo. Tunaitumia kutafuta plagi tu. Plagi ikishaunganishwa, unaweza kuiondoa ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya simu na plagi itaendelea kufanya kazi.

[Ruhusu] [Si sasa]

Plagi imepatikana

Plagi-4C1E

Linganisha herufi na tarakimu nne za mwisho na zile zilizo kwenye stika nyuma ya plagi. Kama unaishi kwenye nyumba za kupanga au ghorofa, tafadhali usiruke hatua hii: plagi ya jirani inayosubiri kuunganishwa nayo itaonekana hapa.

[Ndiyo, ni yangu] [Tafuta tena]

Chagua mtandao wa Wi-Fi

Hii ndiyo hatua inayokwamisha watu wengi, kwa hiyo isome polepole.

Plagi hii inatumia Wi-Fi ya GHz 2.4 pekee. Ruta nyingi za kisasa zinatoa mitandao miwili, wa GHz 2.4 na wa GHz 5. Ule wa GHz 5 una kasi zaidi lakini hauvuki kuta vizuri. Plagi haihitaji kasi, inahitaji mtandao unaofika hadi jikoni na uani.

Mitandao ambayo plagi inaiona:

Nyumbani_2.4 · nguvu nzuri
Duka_Chini · nguvu ya wastani
Wageni · dhaifu, haina nenosiri

[Tafuta tena] [Mtandao wangu haupo hapa]

Orodha hii inatoka kwenye plagi yenyewe, haitoki kwenye simu. Ndiyo maana simu yako inaweza kuwa kwenye Nyumbani_5G na usiuone mtandao huo hapa. Chagua Nyumbani_2.4. Huna haja ya kubadilisha mtandao wa simu. Baada ya hapa, simu itaiongoza plagi hata ikiwa inatumia bando la laini.

*Ukichagua "Mtandao wangu haupo hapa":* Kama jina la Wi-Fi yako limefichwa, liandike hapa kama lilivyo, ukizingatia herufi kubwa, herufi ndogo na nafasi. Kama ruta yako ina jina moja kwa mitandao yote miwili na plagi haiuoni, isogeze plagi karibu na ruta, kisha bonyeza "Tafuta tena". Mtandao usipoonekana bado, ingia kwenye mipangilio ya ruta uhakikishe kwamba GHz 2.4 haijazimwa.

Wi-Fi za hoteli, hosteli na ofisi zinazokufungulia ukurasa wa kuweka namba ya simu au kukubali masharti hazifai. Plagi haina kioo cha kukuonyesha ukurasa huo.

Tunakushauri usiunganishe plagi na mtandaopepe wa simu. Itaunganika, lakini ukitoka na simu yako plagi itabaki bila mtandao, na ratiba ulizoweka hutaweza kuzibadilisha ukiwa mbali.

Nenosiri la Nyumbani_2.4

Kama hujawahi kulibadilisha, liko kwenye stika chini ya ruta. Angalia vizuri sifuri na herufi O, moja na herufi l. Bonyeza alama ya jicho uone unachoandika.

[Unganisha]

Inaunganisha…

Usifunge programu wala usichomoe plagi. Huchukua chini ya dakika moja.

*Nenosiri halikukubaliwa.* Liandike upya. Kama kuna mtu amelibadilisha hivi karibuni, muulize jipya.
[Andika upya]

*Plagi imefika kwenye ruta, lakini ruta haina intaneti.* Huenda bando la ruta limeisha. Wi-Fi na nenosiri uliloweka ni sahihi. Ukiongeza bando plagi itamalizia yenyewe. Usiifute.
[Sawa]

*Umeme umekatika katikati ya kuunganisha.* Umeme ukirudi, subiri ruta iwake kabisa kwanza, kisha anza tena.
[Anza tena]

Imeunganishwa

Ipe jina utakalolitambua kwa haraka, mfano Friji au Taa za Uani. Plagi inabeba ampea 13. Usichomeke juu yake ekstensheni yenye pasi na birika la umeme kwa pamoja.

Umeme ukikatika na kurudi, plagi itakumbuka Wi-Fi yake. Chagua sasa iamke katika hali gani. Kwa pasi, chagua "Ibaki imezimwa", hata kama kwa kawaida upo nyumbani.

[Ibaki imezimwa] [Irudi ilivyokuwa] [Iwashwe]

Ondoa au futa plagi

Soma kabla ya kubonyeza, kwa kuwa chaguo hizi hazilingani.

*Washa upya.* Plagi inazima na kuwaka tena. Hakuna kinachopotea. Anzia hapa kama imegoma kuitikia.

*Badilisha Wi-Fi.* Tumia hii ukinunua ruta mpya au ukibadilisha nenosiri. Jina, ratiba na rekodi ya yuniti zilizotumika vinabaki. Watu hufuta plagi kwa sababu ya ruta mpya na kupoteza rekodi za miezi. Hakuna haja hiyo.

*Ondoa kwenye akaunti.* Plagi inatoka kwenye simu yako na za wote uliowashirikisha, lakini yenyewe bado inakumbuka Wi-Fi yako.

*Rudisha kama ilivyotoka kiwandani.* Inafuta Wi-Fi, nenosiri, ratiba, rekodi za yuniti na inaitoa kwenye akaunti yako. Fanya hivi kabla ya kuiuza, kumpa ndugu au kuiacha kwenye nyumba unayohama. Usipofanya, mwenye nayo mpya hataweza kuiongeza kwenye simu yake.

Kama simu haiioni plagi, shikilia kitufe kwa sekunde 10 hadi taa iwe nyekundu, kisha uachie. Njia hii inafuta yaliyomo ndani ya plagi tu. Ili itoke kwenye akaunti, bonyeza pia "Ondoa kwenye akaunti".

Ufute Friji?

Kifaa kilichochomekwa kwenye plagi hii kitazimika sasa hivi. Rekodi zilizofutwa hazirudi. Andika FUTA kuthibitisha.

[Ghairi] [Futa]