Barua ya mwaliko ya viza

Mombasa, 2 Februari 2026

Mdogo wangu Salim,

Assalam aleikum. Mama mzima, anakusalimu sana, na wifi anamwombea ajifungue salama.

Lile jambo la kuja kwenu nimelianza. Viza yenyewe naomba mwenyewe mtandaoni, na ada ya dola 185 za Kanada, pamoja na ya alama za vidole, nishaiweka kando. Kwako nataka barua ya mwaliko, na tafadhali usinifanyie kama ile ya jirani yetu, mistari mitatu, "ni dadangu, nampokea". Alinyimwa.

Kwangu mimi andika Mwanahamisi Omari Bakari, vivyo hivyo kama kwenye pasi. Kitambulisho changu kina "Omar" bila i, usikifuate. Nimezaliwa 14 Machi 1978, nakaa Kibokoni, Mji wa Kale, nina duka la vitambaa. Nambari ya simu ni hii hii unayonipigia. Picha ya pasi nakutumia WhatsApp.

Kwako wewe, wanataka jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya huko Edmonton na simu, kazi unayofanya, na kama wewe ni raia au mkaazi wa kudumu. Cheti cha uraia kikiwa kimetoka, weka nakala yake. Kama bado, kadi ya ukaazi, mbele na nyuma. Mtaje wifi na Bilal kwa majina na tarehe zao za kuzaliwa, useme na jumla ya watu mnaoishi nyumbani. Wa tumboni usimhesabu, akizaliwa atajihesabu mwenyewe.

Kisha eleza kwamba sisi ni ndugu wa baba na mama mmoja (cheti changu cha kuzaliwa nitakiambatisha, nawe nitumie nakala ya chako), kwamba nakuja kumwona mtoto na kukaa na familia, kuanzia 5 Juni hadi 24 Julai, baada ya Idd kubwa. Najua mgeni huweza kupewa hata miezi sita, lakini usiandike hivyo. Duka halifungwi miezi sita, na wanangu wako shule. Andika tarehe ya kurudi waziwazi.

Malazi na chakula ni juu yako, tiketi ni juu yangu. Hili lisipishane na fomu yangu hata kidogo, maana wanalinganisha. Uambatishe barua ya mwajiri, taarifa ya benki ya miezi ya karibuni, na ile karatasi ya kodi ya kila mwaka inayoonyesha mapato. Najua pesa ni siri ya mtu. Ukiona vibaya mimi kuzisoma, zifunge kwenye PDF moja, nitapakia bila kufungua.

Tia sahihi kwa kalamu, weka tarehe, uskani. Nikipata kabla ya tarehe 20 nitawahi kupanda treni ya Nairobi kutoa alama za vidole kabla ya Ramadhani kutushika katikati.

Dadako,
Mwanahamisi