Dereva wa basi aliyeua mama kivukoni jela miaka 7, huenda akatoka baada ya miaka 4

Dereva wa basi mwenye umri wa miaka 38 amehukumiwa kwenda jela miaka 7 kwa kumgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara na mwanawe, kisha kuondoka bila kusimama. Kwa hesabu iliyoelezwa mahakamani jana, akiwa na mwenendo mzuri gerezani anaweza kuwa huru baada ya miaka 4 kutoka sasa.

Mahakama imezuia majina yasitajwe. Shahidi mkuu ni mtoto huyo aliyenusurika, sasa ana miaka 11, naye anaishi mtaa mmoja na familia ya mshtakiwa. Ukimtaja mmoja umemtambulisha mwingine.

Kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari kumempa miaka 6, kumjeruhi mtoto miaka 2, na kukimbia baada ya ajali mwaka 1. Waliokaa viti vya nyuma walijumlisha haraka wakapata 9. Sivyo. Adhabu mbili za kwanza zinakwenda sambamba, kwa kuwa kifo na majeraha vilitokana na tendo moja: siku atakayomaliza miaka 6, ile 2 itakuwa imeshaisha ndani yake. Mwaka wa kukimbia unaanza hapo, juu ya ile 6.

Hakimu alieleza kwa nini ameutenga. “Ajali ilitokea kwa sekunde chache,” alisema. “Kuondoka ulikuwa uamuzi mwingine. Ulimwona mtoto amesimama barabarani kwenye kioo chako, ukakanyaga mafuta.”

Kuhusu kosa kubwa, alianzia miaka 6 kabla ya kugusa sababu za kuongeza au kupunguza. Akapandisha hadi 7 na nusu kwa mambo matatu: mwendo wa kilomita 83 kwa saa palipo na kikomo cha 50, faini mbili za mwendo kasi alizokwisha kulipa huko nyuma, na simu.

Simu hiyo ilikuwa mezani jana, ndani ya mfuko wa plastiki wenye namba ya kielelezo. Ujumbe ambao haukumaliziwa ulisomwa kwa sauti: “Nakaribia, nisub”. Mtaalamu wa upande wa mashtaka alikwisha kueleza kwamba dereva aliutazama kioo cha simu kwa sekunde 4 hivi. Kwa mwendo ule, basi lilikata karibu mita 92 bila mtu kuangalia mbele. Hakimu alilirudia hilo mara mbili, na chumba kizima kikanyamaza.

Kisha akashusha. Miezi 9 ilitoka kwa sababu mshtakiwa alikiri, ingawa alikiri baada ya mtoto kupanda kizimbani na kutoa ushahidi. Angekiri mwanzo, alisema hakimu, punguzo lingekuwa kubwa zaidi, maana mtoto asingelazimika kuisimulia siku ile mbele ya watu. Miezi 9 mingine ilitoka kwa majuto aliyoyaona kuwa ya kweli na kwa kuwa hajawahi kupatikana na kosa lingine la jinai. Ndipo tukarudi kwenye miaka 6.

Wakili wa utetezi aliomba kifungo cha nje, akisema mteja wake ana watoto watatu wanaomtegemea. Hakimu alikubali kwamba watoto hao wataumia bila kosa lao, lakini akakataa: abiria na waenda kwa miguu wanamwamini dereva wa basi kwa maisha yao, na adhabu isiyomtoa nyumbani ingepunguza uzito wa imani hiyo.

Nje ya mahakama, baba wa mtoto alimuuliza mwendesha mashtaka: “Saba inakuwaje nne?” Swali lake ni la haki na jibu lake si la kificho. Miaka 7 ni miezi 84. Mfungwa mwenye nidhamu anaweza kupunguziwa theluthi, yaani miezi 28, ikabaki 56. Ondoa miezi 8 aliyokwisha kukaa mahabusu, ambayo hakimu aliagiza ihesabiwe, inabaki 48. Akivunja kanuni za gereza, theluthi hiyo inaweza kupungua au kupotea.

Leseni yake imefungiwa miaka 5, na muda huo utaanza siku atakapotoka. Ungeanza jana, miaka 4 ya mwanzo ingeisha akiwa gerezani, mahali ambapo haendeshi gari hata hivyo.

Fidia haikuamuliwa, familia itaidai kwa kesi ya madai, na kukiri kwake kunaweza kutumika humo kama ushahidi. Ana siku 30 za kukata rufaa, lakini kukata rufaa pekee hakumtoi jela.

Simu itabaki mikononi mwa mahakama hadi muda huo upite. Mkoba wa shule wa mtoto, uliokuwa kielelezo pia, ulirudishwa jana. Baba aliutia saini, akaufungua, akayatoa madaftari moja moja na kuyapangusa vumbi kabla ya kuyarudisha ndani.