Kipimo Hakionyeshi Kitu

Zahanati ya kwanza ilimpima malaria, hakuna. Ya pili ikampima malaria tena, ikaongeza taifodi na presha, kisha akaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo. Kijana wa miaka 26 anayeshindia chipsi na soda Kariakoo, akilalamika kifua kinabana, atakuwa na nini kingine? Shabani alizimeza zote. Tumbo lake lilikuwa zima tangu mwanzo.

Ilimwanzia kwenye mwendokasi. Watu wamebanana, basi linapita Manzese, mara moyo ukaanza kwenda mbio. Vidole vikafa ganzi. Hewa ipo lakini haiingii. Halafu ikaja fikra moja tu, yenye uhakika kama hati ya kiwanja: nakufa, hapa hapa, na mama hajui. Alishuka kituo kisicho chake, akakaa chini. Haikupita robo saa akawa mzima kabisa, ana aibu, kazini kachelewa.

Akahamia bodaboda, posho ikawa inaishia barabarani. Ikamfuata dukani, mtaa wa Aggrey, akiwa anamfungashia mteja kava za simu. Ikamfuata usingizini. Asubuhi akawa anajipima mapigo shingoni kabla hata ya kupiga mswaki.

"Hiyo si homa, mwanangu," mama yake alimwambia kwa simu kutoka Muheza. "Nenda kwa shehe akusomee."

Akaenda. Shehe akamsomea, akampa maji ya kisomo, kisha akamuuliza, "Hospitali umekwenda?"

"Nimekwenda zahanati, shehe."

"Mimi nimesema hospitali."

Hakwenda upesi. Kilichomfumbua macho kwanza kilikuwa daftari la madeni la dukani. Kurasa za nyuma alikuwa anaandika saa moyo ulipoanza, ili daktari, au waosha maiti, wapate pa kuanzia. Akawa anaandika na saa ulipotulia. Kurasa mbili zilipojaa akakaa akazisoma: inapanda, inafika juu ndani ya dakika chache, inashuka. Haikuwahi kukosa kushuka. Na siku alizobeba maboksi ngazi tatu, moyo ulidunda vilevile na hakuogopa chochote.

Hospitali ya mkoa walimbandika nyaya kifuani kupima moyo, wakapima sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo. Vyote safi. Alishajiandaa kuambiwa hana kitu aende nyumbani. Daktari, dada wa makamo, akafungua lile daftari na kulisoma bila haraka.

"Ukiwa mzima, unashinda ukisubiri irudi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Shabani alitikisa kichwa kukubali, sauti iligoma.

"Ni mashambulio ya hofu. Hayaui, ila yanachosha, na yanatibika. Nakuandikia uende kliniki ya afya ya akili."

"Dokta, unanipeleka Mirembe?"

"Mirembe iko Dodoma. Mimi nakupeleka mlango wa nne, kushoto."

Hata hivyo, karatasi ilikaa mfukoni mpaka mikunjo ikaanza kuchanika. Siku alipokwenda alivuta kofia hadi machoni, akamkuta kwenye benchi konda wa daladala na mama aliyevaa sare za benki, kila mmoja anachezea simu yake.

Mshauri alikuwa mzee mwenye kikohozi. Hakumuuliza habari za utotoni. Alimwambia, "Pumua haraka haraka, kwa nguvu, dakika moja." Shabani akapumua. Kabla dakika haijaisha vidole vilikufa ganzi, chumba kikazunguka, akashika kiti.

"Ndiyo hii, mzee! Ndiyo yenyewe!"

"Ndiyo yenyewe. Na nani kaileta?"

Mzee akamweleza: mtu akipumua kuliko mwili unavyohitaji, kaboni dayoksaidi inapungua mno kwenye damu, na hapo ndipo ganzi na kizunguzungu vinapotoka. Mwenye hofu akiviona anadhani anakufa, anazidi kupumua, navyo vinazidi. Akamfundisha kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta. Vidonge vipo, alisema, ila huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Wataona mbele ya safari. Kwanza, kazi ya nyumbani: mwendokasi, Kimara hadi Ubungo, na asishuke njiani.

Ilimpanda kituo cha Baruti. Akatazama saa, akatoa pumzi polepole, akashikilia bomba. Ubungo alishuka amelowa jasho, miguu inatetemeka, akanunua maji.

Jumatatu alimwendea tajiri yake. "Bosi, naomba ruhusa Alhamisi asubuhi. Kliniki."

"Bado kifua?"

"Kifua kizima. Ni hofu, inanipanda ghafla. Natibiwa."

Tajiri alimtazama, akaendelea kuhesabu chaja. "Alhamisi kontena linashushwa."

"Najua, bosi."

"Basi wahi foleni. Saa nane uwe hapa, mzigo haujihesabu wenyewe."